Tathmini ya wasifu wa mwombaji namba 7: Daktari Bingwa wa Magonjwa ya Wanawake na Uzazi

Kwa: Katibu wa Afya
Kutoka: Mkuu wa Idara ya Uzazi
Dodoma

Ndugu Katibu, nimeusoma wasifu huu mara mbili, nikiwa na tangazo letu pembeni. Napendekeza aitwe kwenye usaili, lakini kuna hati ambazo lazima zifike kabla ya siku hiyo.

Fani inalingana na tangazo. Alimaliza udaktari 2014, utarajali 2015, na shahada ya uzamili ya uzazi 2021. Tuliomba miaka 2 ya kazi baada ya ubingwa. Yeye anayo zaidi ya 3, yote katika hospitali ya wilaya.

Usajili una pengo. Kwenye wasifu ameandika "bingwa aliyesajiliwa", ila cheti alichoambatisha ni cha usajili kamili wa udaktari, cha 2016. Huo si usajili wa ubingwa. Huenda amesahau tu kuuambatisha, lakini tusibahatishe: alete cheti cha ubingwa na leseni hai ya mwaka huu, nasi tuhakiki namba zake Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kwenye upasuaji ndiko nilikokaa muda mrefu. Anataja upasuaji wa kujifungua zaidi ya 900. Kwa hospitali ya wilaya yenye madaktari wachache idadi hiyo inawezekana. Kinachonishughulisha ni vitenzi vyake. Kwa upasuaji wa kujifungua na mimba zilizotunga nje ya kizazi anaandika "nimefanya". Akifika kwenye kuondoa kizazi (40) na fistula (15), anaandika "nimeshiriki". Aliyeshika kisu na aliyeshika vibanio wote wameshiriki. Mama akiletwa saa nane usiku kutoka Mpwapwa, kizazi kimepasuka na damu haikati, bingwa wa zamu ndiye atakayeamua kushona au kukiondoa, na hana wa kumwita. Kwa hiyo alete daftari lake la upasuaji lenye saini za wasimamizi, likionyesha alizoongoza na alizosaidia. Fistula haimo kwenye tangazo, isimwongezee wala kumpunguzia alama.

Zamu za dharura ndiyo nguvu yake. Walikuwa madaktari wawili wakipokezana usiku kwa usiku, sikukuu zikiwemo, na ameeleza walivyokuwa wakitafuta damu kwa ndugu wa mgonjwa huku ganzi ikiandaliwa. Maelezo hayo hayaandikwi na mtu asiyekesha. Sisi zamu ni usiku mmoja kati ya mitatu. Ila tangazo linataka bingwa afike wodini ndani ya dakika 30 akiitwa, na anuani yake ni Kongwa. Aulizwe wazi kama atahamia mjini.

Alama zangu: fani 20/20, usajili 8/20 hadi cheti kifike, upasuaji 21/30, zamu 26/30. Jumla 75. Cheti cha ubingwa kisipofika kabla ya usaili, jina lake litolewe kwenye orodha, hata kama alama zinatosha.