Simu ya Jumapili

Mpenzi wangu,

Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia nitalia, au nitasema neno nije kulijutia. Soma ukishatoka zamu na ukishakula.

Jana ulisema saa tatu usiku. Saa mbili na nusu nilishaoga, simu nimechaji, bando nimenunua. Chumbani mtandao unakatakata kama unavyojua, kwa hiyo nikatoa kigoda nikakaa barazani, khanga mbili juu ya sweta. Na upepo huu wa Agosti wa Dodoma hujausahau, ule wa kukuachia vumbi mpaka kwenye meno. Chai ikaota utando. Saa tatu na dakika arobaini ndiyo meseji inaingia: "Samahani mpenzi, nimechoka sana, tuongee kesho." Mama mwenye nyumba alikuwa anafunga geti, akaniuliza, "Bado unamsubiri?" Nikamjibu naangalia mwezi. Mwezi wenyewe haukuwepo.

Ingekuwa hiyo moja, ningelala zangu. Lakini ni ya nne tangu Nanenane. Siku ile ya Nanenane yenyewe niliwaacha wenzangu kwenye mabanda kule Nzuguni, nikaenda kusimama nyuma ya zizi la ng'ombe ili nikusikie vizuri. Nimesimama pale nusu saa, ng'ombe wananitazama. Hukupiga.

Kazi yako naielewa. Saa kumi na mbili juu ya mitambo ya mgodi si mchezo, na mtambo ukiharibika jioni haukuulizi kama una mchumba Dodoma. Uchovu wako naukubali kabisa. Kinachonichosha ni hiyo "kesho" yako, maana haina saa. Nikiamka naishi nayo siku nzima, kazini Mtumba simu iko mezani uso juu, mpaka bosi ameanza kuniangalia. Mama naye akipiga toka Kondoa swali ni lile lile, "Mkwe hajambo?" Namwambia hajambo, anakusalimu. Wiki mbili sasa nakutungia salamu.

Na mimi nina langu. Nikinuna nakaa kimya siku mbili, ukiandika nakujibu "sawa" kavu, halafu nategemea ujue mwenyewe nina nini. Hilo naliacha.

Sasa nimekaa nikapiga hesabu na zamu zako. Wiki ya mchana, tuongee Jumatano na Jumapili, saa tatu kamili usiku, dakika ishirini tu. Ishirini za uhakika zinanitosha kuliko lile saa zima la kuahidiana. Wiki ya usiku ni ngumu zaidi. Jumatano ukitoka asubuhi tuongee kwenye saa kumi na mbili na robo, ndiyo natembea kwenda kituoni. Nikishapanda gari siwezi kukuita mpenzi mbele ya idara nzima. Jumapili yake iwe saa tisa alasiri, umeshaamka na bado hujaanza kujiandaa. Jumatano nipige mimi, Jumapili upige wewe, ili asiwepo wa kusubiri peke yake kila mara.

Ikishindikana, na itashindikana tu siku nyingine, niambie mapema, sio saa imeshapita. Na wewe unayeahirisha ndiye utaje siku na saa ya kufidia, isizidi siku mbili. Hata mimi nikikwama, sheria ni hiyo hiyo. Siku za katikati nirekodie sauti tu, hata nusu dakika, hata kama nyuma mitambo inanguruma. Sitaki ripoti. Niambie umekula nini, nani kakuudhi.

Tujaribu hivyo hadi mwisho wa Septemba. Mwezi wa kumi unakuja likizo, tutakaa tuone wapi pamebana. Kutoka Geita hadi huku ni siku nzima kwenye basi, sitaki ukishuka tuanze kutazamana kama wageni.

Kwa leo usiniombe msamaha tena, nimeshazisoma samahani nne. Nijibu tu kama saa tatu ya Jumatano inakufaa, na kama haikufai taja yako. Wiki hii uko mchana, na zamu ya kupiga Jumatano ni yangu.

Zabibu zimeingia Majengo. Nilinunua kilo moja nikupigie picha jana tukiongea. Nimezila zote usiku ule ule, kwa hasira.

Halafu mwenye kiwanja cha Nala amenipa jibu, na anataka letu kabla ya Ijumaa. Siliandiki hapa. Nataka nikisema nikusikie unavyocheka.

Wako