Kitabu cha mwezi huu: Nagona

Ndugu wanachama,

Mwezi huu tunasoma Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990. Ni kitabu chembamba lakini kigumu: msimulizi hana jina, wakati hauendi moja kwa moja, na wanafalsafa kama Plato na Nietzsche wanajitokeza njiani. Usitafute ploti kama ya Rosa Mistika. Soma polepole, hata kwa sauti. Mimi napenda mno kurasa za mji wenye ukimya.

Tukikutana Jumamosi saa kumi, tuanzie hapa: Nagona ni nani, au ni nini? Kwa nini ukweli unasakwa bila kukamatwa? Ngoma Kuu inaahidi nini? Na je, riwaya lazima ieleweke ndipo ipendwe?

Wenu,
Neema, mratibu