Kwa nini tumesema lita 75,000: maneno ya mwenyekiti wa kamati ya maji kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Mbukwenyi! Naona mmeitikia kinyonge, jua kali najua, nitajitahidi nisiwachoshe ila leo kuna hesabu kidogo mnivumilie. Mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, wazee wangu, kina mama wenzangu mliokuja na madumu huku mkijua mkutano ukiisha mnapitiliza korongoni, shikamooni wote mnaostahili.

Nimesimama kwa jambo moja, tenki. Tangu mhandisi wa wilaya aje hapa maneno yamekuwa mengi, wengine wanasema tujenge la lita 50,000 tupunguze michango, wengine wanataka la 100,000 kwa sababu wenzetu wa kijiji cha jirani wamejenga kubwa na linaonekana toka barabarani. Kamati imekaa, imepima, imesema 75,000. Hatujaiokota hiyo namba njiani, na ndo maana leo mnaona hizi manila tumezibandika ukutani.

Tulianzia kwenye daftari la kijiji, linasema kaya 412. Sasa mimi nimeolewa hapa miaka 26, nazijua nyumba zilizofungwa, nikasema hapana, twendeni mlango kwa mlango. Vijana wanne wa kamati na simu mbili, wakaanza Mbuyuni wakamalizia Madukani, siku 9. Kila nyumba inaandikwa namba kwa chaki mlangoni, inapigwa picha mlango na paa, halafu vyombo vyote vya maji vinatolewa nje vinapangwa mstari vinapigwa picha na futi ya fundi ikiwa pembeni. Sura za watu hatukuzipiga picha, tuliahidi hivyo na tumetimiza, kama unaona mkono wa mtu kwenye picha ni bahati mbaya tu.

Tulichokuta ni hiki. Kati ya zile 412, nyumba 29 zina kufuli, majani yamefika dirishani, wenyewe wako Dodoma mjini. Kaya 17 zimeandikwa mara mbili, kijana yuko kwa baba yake, wanakula chungu kimoja, ila kwenye daftari ni kaya mbili (na moja ya hizo ni kwangu mwenyewe, mtendaji alicheka sana, basi cheka tena). Nyumba 8 hazipo kabisa, tembe limeshuka na mvua likabaki kichuguu. Ukitoa zote unabaki na 358. Halafu kuna kaya 14 kule Madukani hazipo kwenye daftari, wamehamia juzijuzi, hawa nao wana koo la kunywa maji, tukawaongeza. Zikawa kaya 372. Kila mlango tukauliza swali moja tu, jana usiku wamelala wangapi hapa? Jumla watu 1,934.

Sasa Sera ya Maji ya 2002 ilisema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, tena maji yasiwe mbali zaidi ya mita 400 toka kwake. Lita 25 ni dumu moja na robo, sio anasa hiyo, ni kunywa, kupika, kuoga na kufua kidogo. Zidisha 25 kwa 1,934 unapata lita 48,350. Shule yetu watoto 460, tumewawekea lita 5 kila mmoja, ni 2,300. Zahanati 1,500, mama akijifungua pale asiambiwe aje na ndoo yake. Jumla 52,150. Mhandisi akatuambia bomba lolote linavuja na koki zinaachwa wazi, tukaongeza asilimia 15, tukafika kama lita 60,000 kwa siku. Hii ni ya leo.

Hapo ndo wale wa 50,000 wanaruka, wanasema sawa mama, lakini tenki si lazima libebe maji ya siku nzima maana pampu inasukuma huku watu wanachota. Ni kweli kabisa, sibishi. Ila pampu ya mradi huu ni ya sola. Jua zuri tunalo toka saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, masaa 6, na kisima kilipopimwa kilikubali lita 11,000 kwa saa, kwa hiyo kwa siku tunavuta 66,000. Swali ni je, nyie mnachota saa ngapi?

Tukakaa pale kwenye pampu ya mkono siku tatu, toka alfajiri mpaka giza, tukahesabu madumu. Yalikuwa 1,200. Yaliyochotwa kabla ya saa 3 asubuhi ni 516, baada ya saa 9 alasiri 384, mchana kweupe wakati jua lipo ni 300 tu. Yaani katika kila madumu manne, matatu yanachotwa wakati sola imelala. Na mnajua sababu, mchana mko shambani, watoto wako shule, nani aje bombani saa 6?

Kuna mzee mmoja, simtaji ila yupo pale chini ya mwarobaini anatabasamu, yeye alisema watu wabadilike, wachote mchana waweke nyumbani. Wazo zuri mzee wangu, tatizo ni wataweka kwenye nini? Njooni muangalie picha za manila ya pili, hapa ndo mimi mwenyewe nilinyamaza.

Vyombo vyote vya kijiji hiki, madumu, ndoo za rangi, mitungi, mapipa, simtanki, tukivijaza vyote kwa pamoja vinabeba lita 43,088. Ukigawa kwa kaya 372 unapata kama lita 116 kila kaya, unasema aah, mbona tuko vizuri, familia ya watu watano inahitaji 125 kwa siku, karibu inatosha. Hiyo ni hesabu ya kudanganyia watoto. Kaya 21 zenye simtanki au mapipa kadhaa zinashika lita 14,700 peke yao, zaidi ya theluthi ya maji yote. Kaya 118 zina wastani wa lita 130. Halafu kaya 233, narudia mia mbili thelathini na tatu, zina wastani wa lita 56. Madumu mawili na ndoo moja isiyojaa. Maji ya chini ya nusu siku. Angalieni namba 147, ile ya Mlimani, watu 8, dumu mbili na sufuria. Sufuria hiyohiyo ndo ya kupikia ugali, kwa hiyo maji yakihifadhiwa humo ugali haupikwi.

Kwa hiyo wale 21 wakiamka tenki liko tupu hawana shida, wana maji ndani. Wale 233 tenki likiwa tupu saa 12 asubuhi wanarudi korongoni kufukua mchanga, na tutakuwa tumejenga mradi wa watu 21. Tenki la kijiji ndo simtanki ya yule asiye na simtanki, hiyo ndo hoja yangu, nyingine zote ni nyongeza.

Mtauliza tulipimaje. Dumu na ndoo zimeandikwa, hizo rahisi. Pipa tulipima kwa futi, upana wa ndani sentimita 57, kimo mpaka pale maji yanapofika 80, inakuja lita 204, tukaandika 200. Mitungi ya bibi zetu haina umbo la hesabu, tulimimina maji kwa jagi la lita moja tukihesabu kwa sauti, na maji tukayarudisha msituangalie hivyo.

Na picha zimetusaidia kitu ambacho daftari lisingeweza. Kuna dumu moja la bluu, limeungua ubavuni likazibwa na plastiki nyekundu. Dumu hilo liko kwenye picha ya nyumba 88, liko nyumba 91, na liko nyumba 94! Linatembea hilo dumu kuliko diwani. Sijui mtu alidhani tunagawa misaada kwa mwenye vyombo vingi, na wengine wakadhani ni kodi wakaficha mapipa kwa shemeji. Nyumba 12 tulirudia upya bila kutoa taarifa, namba mnazoziona ni za baada ya kurudia.

Sasa tufunge hesabu. Robo tatu ya 60,000 ni 45,000, hayo ndo maji yanayotakiwa kulala kwenye tenki leo. Utasema si ndo 50,000 inatosha? Leo ndiyo. Lakini sensa ya 2022 ilionyesha nchi inaongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, na sisi hapa kwa watoto niliowahesabu milangoni hatuko nyuma. Kwa miaka 10 ile 60,000 inakuwa kama 82,200, na robo tatu yake ni 61,650. Tenki la 50,000 litakuwa limetushinda kabla halijaanza hata kuchubuka rangi. Ukichukua 75,000 unabaki na lita 13,350 za akiba, za ile siku ya Januari wingu limetanda pampu inakohoa tu. Msiniambie siku hiyo tutakinga ya paani, nyumba 131 kwenye picha hazina bati.

Na la 100,000? Kisima ndo kinakataa sio mimi. Tunavuta 66,000, tunatumia 60,000, ziada ni 6,000 kwa siku. Siku ya kwanza saa 9 alasiri tenki lina 51,000, yaani 66,000 ukitoa 15,000 zilizochotwa mchana, la 75,000 linajaa baada ya siku 4, la 100,000 linasubiri zaidi ya wiki kujaza maji ambayo hakuna anayeyachota, yanakaa tu humo yanapata joto. Huko mbele tukizidi, tutaongeza masaa kwa umeme wa TANESCO, masaa 7 na nusu yanatupa 82,500, tenki lilelile.

Pesa nayo. Makadirio ya la 75,000 na mnara wa mita 6 ni milioni 66, la 100,000 ni milioni 89, na ile tofauti ya milioni 23 tumeambiwa tutaibeba wenyewe. Gawa kwa kaya 372, ni zaidi ya sh 61,000 kila mlango. Namba 147 atoe wapi? Kwa la 75,000 sehemu yetu ni mchanga, kokoto, nguvu kazi na taslimu milioni 7. Benki tuna 4,260,000. Inayobaki ni kama sh 7,400 kwa kaya, na ndo maana nilitaka kaya za kweli, kufuli halilipi mchango.

Picha zitakaa ofisini kwa mtendaji mpaka Ijumaa. Nenda katafute namba yako, kama tumekosea watu au vyombo sema, tunakuja na futi leoleo. Mwenye lile dumu la bluu naye aje alichukue, limebaki nyumba 94. Mwenyekiti wa kijiji, naomba sasa uwaulize wananchi wanyooshe mikono, uanze na wale wa 100,000 ili tuwaone.