Deni Linalokula Mfuko: Maneno kwa Chama cha Vijana, Manyatta, Kisumu

Mwenyekiti, mweka hazina na wanachama wote, hamjambo. Nimepewa dakika tano kabla ya michango, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Mtu akikukopesha, usimuulize riba ni asilimia ngapi. Muulize: nitapokea shilingi ngapi mkononi, nitarudisha ngapi, na lini? Tuseme mkopo wa simu unaitwa 5,000, lakini unapokea 4,250 na kudaiwa 5,000 baada ya siku 14. Umelipia 750 kwa wiki mbili. Ukikosa, unalipa 750 nyingine ili usukumiwe wiki mbili mbele. Ukisukuma mara nne, 3,000 zimeenda na deni bado ni 5,000 ile ile. Hapo ndipo watu hukopa kwa mwingine kulipa wa kwanza, na kuanzia hapo ni kuchimba shimo ili kufukia shimo.

Wakopeshaji wa mitandaoni wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na orodha iko kwenye tovuti yake. Kanuni za 2022 zinawakataza kupigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Programu ikidai ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi, ifute.

Wa bodaboda, nanyi chukueni kalamu. Tuseme pikipiki ya mkopo ni amana 25,000, kisha 450 kila siku kwa siku 540: jumla ni 268,000. Kama pikipiki hiyo dukani ni 165,000 taslimu, umelipia 103,000 zaidi. Labda inafaa, kazi ni yako. Lakini mvua ya Aprili ikinyesha siku tatu mfululizo, abiria wa Kondele hawatoki, na 450 haikungoji. Kabla ya kutia sahihi, uwe na malipo ya siku 20 pembeni: 9,000.

Shailoki anayetaka kitambulisho na kadi ya benki pamoja na namba ya siri, mwachie chai yake uondoke. Kukopa ili kubeti hata sitaki kulizungumzia.

Aliyekwisha kunaswa aorodheshe madeni yote leo, asichukue jipya, ampigie mkopeshaji kabla ya tarehe kufika, na aanze na lile linalokula zaidi kwa siku.

Jambo la mwisho linatuhusu sote. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia M-Pesa inakatwa kwanza. Haijali ni mshahara wako au ni mchango wa chama. Kwa hivyo michango isipitie laini ya mtu binafsi, hata ya mwaminifu wetu. Naomba mweka hazina na katibu wafungue akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu, na hoja hiyo ipigiwe kura leo kabla hatujatoa michango.