Misemo ya Droo ya Pili

Mdogo wangu, Ijumaa narudisha muhuri, Jumatatu kiti hiki ni chako. Faili nimezipanga, zile za mitaa ya Gikomba ziko juu. Maneno haya mengine, ya kujizuia na hongo, nilikuwa nimeyabandika kwa selotepu ndani ya droo, moja moja, kila nilipobanwa. Gundi imechoka, nimeyanakili. Mengine ni ya wahenga, mengine nilijitungia ndani ya matatu nikirudi Kayole.

*Mchovya asali hachovyi mara moja.*
Huu ndio wa kwanza. Mwenye hoteli mmoja alikuja na mandazi kwenye mfuko wa khaki, bado ya moto. Chini yake noti mbili za elfu, zimelowa mafuta mpaka ungeweza kusoma upande wa pili. Choo chake hakikuwa na maji, na alitaka cheti kabla ya wikendi. Sikumfokea. Nilimrudishia mfuko, karani mwenzangu akiona, nikaandika tarehe na saa kwenye daftari, nikamwambia: "Maji kwanza, mzee wangu." Akanunua tangi. Ningekula yale mandazi, mwaka uliofuata angekuja na mfuko mdogo zaidi, na ningeupokea, maana bei yangu angekuwa anaijua.

*Mkono unaolambwa una mate ya kila mtu.*
Jibu la wanaokuambia mkono mtupu haulambwi. Watakuambia sana.

*Chai ya sufuria hunywewa mezani, chai ya bahasha hunywewa ngazini.*
Ukiitwa nje "kuongea kidogo", mwambie aongee hapo hapo. Mwenye shida halali haogopi masikio.

*Aliyesema "hakuna atakayejua" tayari mko wawili.*

*Mkubwa asemapo kwa mdomo, mjibu kwa wino.*
Hapa ndipo pagumu, nitakawia kidogo. Hakuna mkubwa atakayekuambia "chukua hongo". Atasema: "Ile faili imekaa sana, hebu tusaidie yule mzee." Atasema wewe ni mgumu, huna roho ya timu. Kisha safari za Naivasha zitakupita na marupurupu yake, na meza yako itasogezwa karibu na mlango wa choo. Mimi nilikaa hapo miaka miwili. Usibishane naye. Mwandikie memo fupi, ya heshima: "Kama ulivyoagiza leo asubuhi, naomba maelekezo kwa maandishi kuhusu eneo ambalo halijatimiza masharti." Mara tatu niliandika hivyo. Mara zote tatu agizo lilisahaulika.

*Bura yangu sibadili na rehani.*
Wazee wa pwani walisema hivi juu ya vitambaa. Mimi nilikuwa naukariri nikimwona mwenzangu wa cheo changu akiegesha gari jipya, nami nimesimama Muthurwa nikingoja nauli ishuke. Siwezi kukudanganya kwamba haikuuma.

*Sahihi haifi na mwenyewe.*
Utasahau sura ya aliyekupa. Karatasi haitasahau. Watu wakiharisha kwa chakula cha hoteli uliyoipitisha, watafungua faili, na jina la kwanza kusomwa ni lako, si la aliyekusukuma.

*Kimya kikizidi saa 24, ni chako.*
Huu niliutunga baada ya Sheria ya Hongo ya 2016. Mtumishi wa umma akijua au akishuku hongo, anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Kukataa tu hakutoshi. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina laini ya bure, 1551, na sheria hiyo inawalinda watoa habari na mashahidi. Lakini nami sitaki kukupamba maneno: David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa siri ya kashfa ya Goldenberg, alifutwa kazi na akafa maskini 2006. Ujue bei kabla ya kusema, halafu useme.

*Mkwe haombi cheti, huomba salamu.*
Jamaa ndio watakaokuchosha kuliko matajiri. Shangazi atapiga simu: "Mwanangu, yule kijana wa kanisani kwetu, si umsaidie tu?" Msaidie kweli. Muonyeshe fomu, mweleze masharti, mwambie afike saa mbili asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Cheti asubiri kama wengine.

*Tumbo lina posho yake, usingizi nao una yake.*
Huu sikuumaliza kuutunga. Ulibaki hivyo kwa kalamu ya risasi.

Daftari la tarehe na saa nimekuachia, kurasa zilizobaki ni nyingi. Ufunguo wa droo hukwama. Uinue kidogo kabla ya kuuzungusha.