Zoezi la 3, suluhisho: muda wa kizazi na kasi ya ukuaji wa E. koli katika supu ya sato

Swali. Supu ya sato aliyenunuliwa mwaloni Kirumba ilichujwa, ikatakaswa kwenye otoklevu kwa nyuzi 121 dakika 15, ikapoa, kisha ikapandwa E. koli. Chupa ilikaa juu ya meza ya maabara, joto la chumba likiwa nyuzi 28. Sampuli ya kwanza ilichukuliwa saa 4:00 asubuhi, ya pili saa 9:00 alasiri. Kila safari mlizimua kwa kumi kumi (mililita 1 ya supu kwenye mililita 9 za maji ya chumvi yaliyotakaswa), mkatandaza mililita 0.1 juu ya agari kwenye sahani tatu. Baada ya usiku mmoja ndani ya inkubeta, koloni zilikuwa hivi:

Saa 4:00, neli ya 10⁻²: 58, 66, 62.
Saa 9:00, neli ya 10⁻⁴: 71, 64, 78.

(a) Tafuta idadi ya bakteria hai kwa mililita katika kila saa. (b) Tafuta idadi ya vizazi, muda wa kizazi na kasi ya ukuaji. (c) Chupa ya pili, iliyopandwa kutoka kwenye mchanganyiko uleule lakini ikafukiwa kwenye barafu, ilitoa koloni 55, 67 na 58 kwenye neli ya 10⁻² ilipofika saa 9:00. Muda wake wa kizazi ni upi?

(a) Wastani wa asubuhi ni 186 ÷ 3 = 62. Wastani wa alasiri ni 213 ÷ 3 = 71. Zote zimo kati ya 30 na 300, kwa hiyo zinafaa kuhesabiwa. Sasa gawa kwa kiasi cha supu halisi kilichofika kwenye sahani:

```
N0 = 62 / (0.1 × 10^-2) = 6.2 × 10^4 kwa ml
Nt = 71 / (0.1 × 10^-4) = 7.1 × 10^6 kwa ml
```

Ile 0.1 ndiyo inayosahaulika kila mwaka. Ukiisahau mara zote mbili, majibu ya (a) yanakuwa madogo mara kumi, lakini (b) inatoka sahihi, kwa sababu kinachotumika huko ni uwiano wa Nt kwa N0 na kosa linajifuta lenyewe. Ukiisahau upande wa alasiri tu, vizazi 3.32 vinapotea na muda wa kizazi unaruka hadi dakika 85. Kwa hiyo jibu zuri la (b) halithibitishi kwamba (a) iko sawa. Msahihishaji atazitazama zote.

(b) Kila bakteria akijigawa, idadi inazidishwa kwa 2. Baada ya vizazi n, Nt = N0 × 2ⁿ. Chukua logi pande zote:

```
n = (log Nt − log N0) / log 2
  = (6.8513 − 4.7924) / 0.3010
  = 2.0589 / 0.3010
  = 6.84
```

Kabla ya kuendelea, jaribu bila kikokotoo. Kuzidisha mara mbili kwa vizazi 6 ni mara 64: 62,000 inakuwa karibu milioni 4. Kizazi cha 7 kinaifikisha karibu milioni 7.9. Sisi tuna milioni 7.1, basi n lazima iwe kati ya 6 na 7, tena karibu zaidi na 7. Imekaa. Msishangae vizazi kuwa na desimali. Bakteria hawajigawi wote kwa kengele moja, na 6.84 ni wastani wa kundi zima.

Muda kati ya sampuli ni saa 5, yaani dakika 300.

```
g = 300 / 6.84 = 43.9, yaani dakika 44
μ = 2.303 × 2.0589 / 5 = 0.948 kwa saa
```

Wengine wameandika kasi ya ukuaji kuwa 6.84 ÷ 5 = 1.37. Hilo si kosa, ila ni kitu kingine: ni vizazi kwa saa. μ inatokana na logi asilia, na zote mbili zinahusiana kwa 0.693. Hakiki: 0.693 ÷ 0.948 = 0.731 ya saa, ambayo ni dakika 44. Andika kipimo kila mara, vinginevyo anayesoma hajui umempa ipi.

Je, dakika 44 tuiamini kiasi gani? Koloni huhesabiwa kwa bahati nasibu, na kosa la kawaida la hesabu ni kipeuo cha pili cha jumla yake. Kwa 186 ni kama asilimia 7, kwa 213 vilevile. Ukiziunganisha, logi asilia ya uwiano ni 4.74, kosa lake 0.10. Ukiruhusu kosa hilo mara mbili, muda wa kizazi unakaa kati ya dakika 42 na 46. Sahani sita zimefanya kazi nzuri.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Kanuni hii inadai bakteria walikuwa wakikua kwa kasi ileile tangu saa 4:00 hadi saa 9:00. Bakteria akihamishiwa chakula kipya hukaa kwanza akijiandaa, bila kujigawa. Tuseme hapa walijiandaa saa nzima: vizazi 6.84 vimebanwa ndani ya dakika 240, na muda halisi wa kizazi ni dakika 35. Hilo ni pengo kubwa kuliko kosa lote la kuhesabu koloni, na hesabu mbili haziwezi kulionyesha hata kidogo, maana kati ya nukta mbili mstari mnyoofu hupita daima. Aliyeandika “dakika 44, kama sampuli zote mbili zilikuwa ndani ya awamu ya ukuaji wa kasi” amepata alama zote. Safari ijayo tutachukua sampuli kila saa.

Kwa sababu hiyohiyo usiinyooshe kanuni mpaka kesho yake. Wachache walifanya hivyo bila kuombwa. Saa 24 kwa mwendo huu zinatoa bakteria 4.7 × 10¹⁴ katika mililita moja. E. koli mmoja ana ujazo wa karibu mikromita 1 ya ujazo, basi hao wote wangejaza mililita 470. Chakula na nafasi huisha mapema sana kabla ya hapo.

(c) Jumla ni 180, wastani 60, idadi 6.0 × 10⁴ kwa mililita. Mlioingiza kwenye kanuni mmepata n = −0.05 na muda wa kizazi wa dakika hasi elfu sita na ushei. Tofauti ya koloni 6 kati ya 186 na 180 ni ndogo kuliko kosa la kuhesabu, ambalo hapa ni kama 19. Maana yake idadi haikubadilika. E. koli hakui chini ya nyuzi 7 hivi, na barafu ilikuwa imeishusha supu chini ya hapo. Wapo walioandika g = 0, na hiyo inasema kinyume kabisa: kwamba wanajigawa papo hapo bila kusubiri. Jibu ni: hakuna ukuaji uliopimika, μ ni sifuri ndani ya kosa la hesabu, na muda wa kizazi hauandikwi.