Kutoka kwa kamati ya harusi ya Brenda na Wycliffe: kuhusu ahadi yako

Salamu nyingi, ndugu yetu, dada yetu, mzazi wetu.

Ujumbe huu tunautuma kwa mtu mmoja mmoja, si kwenye kundi. Umewafikia wale ambao kwenye daftari letu ahadi yao bado haijafika, yote au sehemu yake. Orodha ya majina haitabandikwa kundini wala kusomwa kwenye mkutano. Daftari liko kwa mweka hazina wetu Mama Sheila pamoja na katibu. Wengine wote, hata bwana na bibi harusi, wanaambiwa jumla tu.

Kwanza, kama umeshatuma, tuwie radhi. Mara nyingi hutokea mtu akitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe au la mtoto, au akituma kupitia benki, nasi tunabaki na pesa zisizo na mwenyewe. Mtumie Mama Sheila ule msimbo wa M-Pesa wa herufi na tarakimu 10, atakuandika siku hiyo hiyo.

Sasa hali ilivyo. Harusi ni Jumamosi tarehe 12 Desemba 2026, kanisani Kakamega mjini, kisha karamu nyumbani Lurambi. Bili zilizobaki ni hizi: mpishi 97,500 (watu 300 kwa 650, nusu ameshalipwa), hema na viti 45,000, matatu mbili za kutoka Kisumu 26,000, keki 20,000, vinywaji 14,000 na vipaza sauti 10,500. Jumla 213,000. Mkononi tuna 61,000, kwa hiyo tunatafuta 152,000. Ahadi ambazo hazijafika zinafika 168,000. Umeona nafasi iliyopo: wachache wakishindwa au wakipunguza, harusi haikwami.

Tunaomba ahadi zifike kufikia Ijumaa tarehe 27 Novemba, siku ambayo mishahara ya wengi itakuwa imeingia. Hatuwezi kusogeza mbele zaidi kwa sababu mpishi ananunua ng'ombe wiki mbili kabla, kabla bei ya Desemba haijapanda. Nao wenye matatu wanataka salio mapema: tarehe 12 ni Jamhuri Dei, na gari ambalo halijalipiwa linapewa mteja mwingine bila hata kupigiwa simu.

Mambo yamebadilika tangu uahidi? Tunaelewa, mwaka huu karo na hospitali hazijamwacha mtu. Mjibu Mama Sheila kwa neno moja tu, maelezo hayahitajiki:

"Tayari" – nitatuma yote kufikia tarehe 27.
"Kidogo" – nitatuma kwa awamu. Hata 200 kwa wiki inaandikwa.
"Punguza" – taja kiasi unachoweza, cha zamani tunakifuta.
"Kitu" – nitaleta kitu badala ya pesa.
"Maombi" – kwa sasa sina. Tunafunga ukurasa huo, na kiti chako kipo pale pale.

Tafadhali usikope Fuliza kwa ajili yetu.

Kwa wa "kitu": kinachotusaidia kweli ni soda, kwani kila kreti ya chupa 24 inapunguza bili ya vinywaji moja kwa moja. Tunahitaji kreti 13. Kuku wa kienyeji nao wanakaribishwa kwa wageni watakaolala Ijumaa, ila wafike Alhamisi jioni. Kuku akiletwa asubuhi ya harusi anaishia kufungwa kamba chini ya meza, kila mtu ana shughuli na hakuna wa kumchinja. Mchele usilete, mpishi ana wake.

Kutuma ni kwa nambari ya Mama Sheila iliyobandikwa juu ya kundi, hiyo tu. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si lake, simama umpigie. Pesa zikienda kwa mtu mwingine, peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajazitoa. Ukipata ombi la mchango kutoka nambari nyingine kwa jina la harusi hii, usitume.

Usipojibu hatutakuchukulia vibaya. Katibu atakupigia mara moja tu, wiki ya tarehe 23, na baada ya hapo hatutakukumbusha tena. Jibu lako linatusaidia zaidi kwenye hesabu ya sahani na viti kuliko kwenye pesa.

Matatu zitaondoka Kondele saa 12 asubuhi, zipitie Mamboleo, Mbale, Chavakali na Khayega. Kama utapanda, ongeza jina la kituo chako kwenye jibu. Nauli haitozwi, uwe umetuma au hujatuma.

Asante sana.
Katibu, kwa niaba ya kamati
Jumatatu, 9 Novemba 2026